Thumuni nane: hotuba ya kaka mkubwa

 

Kuna watu wameniuliza tangu juzi: hivi mirathi ina uadilifu gani wa kujadiliwa, ilhali mafungu yameshawekwa? Mke akiwa na watoto ana thumuni, mtoto wa kiume ana fungu la wawili wa kike, imekwisha. Swali ni zuri, na mwezi huu ndio wake, maana watoto waliotawanyika hurudi nyumbani kufuturu pamoja, na kikao cha mali ya marehemu kilichoahirishwa mwaka mzima hufanyika sasa.

Jibu langu ni hili. Mafungu yamewekwa, lakini yanaangukia kwenye orodha, na orodha inaandikwa na mtu. Mara nyingi mtu huyo ni kaka mkubwa, ambaye naye ni mrithi. Sasa fikiria: mwenye kunufaika ndiye anayetuambia nini kilikuwa cha baba na nini hakikuwa cha baba. Hesabu yenyewe ukishapewa orodha ni kazi ya dakika tano. Mtu anaweza kugawa kwa mafungu sahihi kabisa na bado akawa amedhulumu, kwa sababu alichogawa sicho chote kilichoachwa.

Nitakupa mfano wa familia moja ya Tanga, ambao walinikaribisha kikaoni niandike muhtasari. Majina nayaacha, na tarakimu nimezizungusha kidogo ili uzifuate bila kalamu. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wa mwisho ni binti wa darasa la sita. Wazazi wake walishatangulia. Alikuwa na mtoto wa kiume mwingine, aliyefariki miaka minne kabla yake, akaacha kijana ambaye sasa ana miaka 11. Huyo kijana tutamrudia.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa imeshamteua kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Na hapo ndipo alipoanzia alipopewa nafasi ya kusema. Aliwasalimu wakubwa, akamgeukia mama yake, akasema: "Mama, na nyinyi baba wadogo, karatasi hii ya mahakama isimtishe mtu. Imenipa kazi ya kukusanya na kugawa. Haikunipa mali. Fungu langu ni sawasawa na la mdogo wangu wa kiume, na kuzaliwa kwanza hakuniongezei hata senti."

Nilipenda alivyolisema mapema, maana wengi wetu tunaamini kaka mkubwa "anarithi mji". Katika sheria ya Kiislamu hakuna fungu la mkubwa. Kuna mkubwa tu.

Kisha akasoma orodha. Nyumba ya Ngamiani, iliyothaminiwa milioni 56. Shamba la michungwa Muheza, milioni 16. Bidhaa za duka, milioni 7. Fedha za benki na za kwenye simu, milioni 4. Halafu akatulia kidogo, akasoma mstari wa tano: milioni 3, mtaji wa baba uliokuwa ndani ya duka lake yeye la vipuri, Dar es Salaam.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa anajua. Mama hajui, mdogo wake aliyekuwa akishinda na baba dukani hajui. Hakuna karatasi. Angenyamaza, milioni 3 zingebaki kuwa zake zote. Kwa kuziandika, kinachomrudia ni robo yake, yaani laki saba na nusu. Ndugu msomaji, ukitaka kujua kama msimamizi wa mirathi ni mwaminifu, usianze kukagua mahesabu yake ya mafungu. Tazama kama kwenye orodha kuna kitu kinachomuumiza yeye mwenyewe. Karibu kila mzee ana kitu kilichoko kwa mtoto wake mkubwa: deni, mtaji, kiwanja kilichoandikwa jina la mtoto ili kukwepa usumbufu. Orodha isiyo na chochote cha namna hiyo inastahili swali moja la ziada, kwa adabu.

Jumla basi ni milioni 86. Je, tugawe? Bado. Aya mbili za mirathi katika Suratun Nisaa, ya 11 na ya 12, zinarudia mara nne kwamba mgao ni baada ya wasia na deni. Akasoma upande wa kutoa. Sanda, wachimba kaburi na gari, laki 4. Deni la muuzaji wa jumla aliyekuwa akimpa marehemu mchele na sukari kwa mkopo, milioni 3 na laki 6, daftari lake likalinganishwa na la dukani.

Baba mdogo mmoja akauliza: "Na pilau ya arobaini je? Tulitoa milioni na kitu pale." Jibu lilikuwa: hapana. Mazishi ni haki ya maiti katika mali yake. Pilau ni ukarimu wa walio hai, na walio hai wailipe wenyewe. Tena ndani ya mali hii kuna haki ya binti wa darasa la sita. Huwezi kuwapikia watu kwa fedha ya yatima halafu ukasoma na dua. Makali ya aya ya 10 ya sura hiyohiyo kuhusu kula mali ya yatima mnayajua.

Likabaki deni moja ambalo nadhani nusu ya nyumba za pwani linasahauliwa: mahari. Walipooana, marehemu aliahidi mkufu wa dhahabu wa gramu 8, sehemu ya mahari iliyocheleweshwa, na hakuwahi kuutoa. Mama hakuwahi kudai. Kaka mkubwa alijua kwa sababu alikwenda kumuuliza shahidi wa ndoa aliye hai. Sonara akakadiria milioni 2. Hii si zawadi kwa mjane, na haingii ndani ya thumuni yake. Ni deni kama la mwenye mchele, linalipwa kwanza, kisha ndiyo anakuja kuchukua thumuni yake kwa haki nyingine kabisa.

Jumla ya kutoa, milioni 6. Zikabaki milioni 80.

Hapa sasa tulie kidogo, maana kuna jambo ambalo hakuliandika, na ndilo lenye darsa kubwa. Kwa miaka mingi alituma fedha nyumbani. Bati za nyumba ile ni zake, na vyumba viwili vya uani vyenye wapangaji vilijengwa kwa fedha yake, kama milioni 12 kwa jumla. Je, hizo si zake? Azitoe kwanza kama deni, si ndiyo?

Angezitoa, zingebaki milioni 68 za kugawa. Yeye angeondoka na milioni 12 zake na fungu la milioni 17, jumla 29, badala ya 20. Mama yake angeshuka kutoka 10 hadi 8 na nusu. Na kila mtu mtaani angemtetea, maana bati kila mtu aliziona zikipigwa.

Alikuwa amelipeleka swali hilo kwa shekhe kabla ya kikao, na shekhe alimuuliza neno moja tu: ulipotuma, ulimwambiaje? Akasimulia mbele yetu: "Nilirudi kwenye simu nikatafuta ujumbe wa zamani. Niliandika, baba pokea hii ya bati. Sikuandika nakukopesha. Wala moyoni sikuwa namkopesha. Leo nikisema lilikuwa deni, nitakuwa nimelibadilisha baada ya yeye kufa, na yeye hayupo wa kunijibu." Kanuni iko wazi: anayedai ndiye anayeleta ushahidi, na alichotoa mtoto kwa mzazi bila makubaliano ya mkopo kinahesabiwa ni wema aliomtendea. Ukishatoa, kimekuwa cha baba, na kilicho cha baba sasa ni cha warithi wote.

Mimi naona uzito wa kikao kizima uko hapo. Maana dakika chache baadaye mdogo wake wa kiume akasimama. Yeye miaka tisa alikaa dukani na baba, hakuwa na mshahara, alikula na kulala nyumbani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wenzake walikuwa na kazi zao, yeye ujana wake umekwishia nyuma ya kaunta, na sasa bidhaa zile zinahesabiwa kama vile zilijiuza zenyewe.

Dai hili lina ukweli ndani yake, tusilibeze. Kama baba alimuahidi mshahara na hakumlipa, hilo ni deni na linatangulia mgao. Kama hakukuwa na ahadi lakini mazoea ya pale ni kwamba mtu wa aina hiyo hulipwa, kuna wanazuoni wanaompa ujira wa mfano wake, na wapo wasioona hivyo. Kikao si mahali pa kulikata hilo kwa mayowe. Kaka mkubwa alimuuliza kama baba aliwahi kumwambia nitakulipa. Akafikiri, akasema hapana. "Basi mdogo wangu, mizani niliyopimia bati zangu ndiyo ninayokupimia. Ukiona sivyo, twende wote kwa shekhe, na nitakubali atakalosema." Angekuwa amejitolea milioni 12 zake kwanza, asingekuwa na mdomo wa kusema hivyo. Kijana alikaa chini. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda, lakini hakupata mahali pa kusema kaonewa.

Haya, mafungu. Mama thumuni. Zinabaki thumuni saba za watoto. Wa kiume wawili, kila mmoja ahesabiwe mara mbili, ni manne, na wa kike watatu ni matatu. Jumla saba. Kwa hiyo mali yote ni thumuni nane: mama moja, kila binti moja, kila wa kiume mbili. Thumuni ya milioni 80 ni milioni 10. Imekwisha, kama nilivyosema, dakika tano.

Dada mkubwa akauliza swali ambalo najua baadhi yenu dada zangu mnalo, na mnaona haya kuliuliza. "Kaka, mimi mume kaniacha na watoto watatu, ada nalipa mwenyewe. Hilo fungu la pili wewe unalibebea mzigo gani?"

Wapo wazee waliotaka kumnyamazisha. Kaka mkubwa akasema aachwe. Hakumwambia kwamba mwanaume ni bora, na alifanya vizuri, maana mirathi haimpi mwanaume zaidi kila mahali. Baba na mama wa marehemu mwenye watoto wa kiume hupata sudusi kila mmoja, sawa kwa sawa, na ndugu wa mama mmoja hugawana sawa. Alimwambia hivi: "Fungu la pili lina kazi. Mahari ninatoa mimi, nafaka ya nyumba natoa mimi, na mama na huyu mdogo wetu wako shingoni mwangu. Wewe thumuni yako huna wa kumlisha kwa lazima. Na kama umeachwa na baba wa watoto hatoi, basi mzigo huo nami unanihusu. Nikila mafungu mawili nikakuacha unahangaika, nimekula ujira wa kazi nisiyoifanya." Akaomba niandike kwenye muhtasari kwamba ada ya muhula ujao ya watoto wa dada anatoa yeye. Nikaandika.

Mafungu hayawezi kubadilishwa kikaoni, hilo tuliweke wazi. Lakini ndugu zangu wanaume, hoja ya majukumu tunayoitoa kila tukiulizwa inatufunga sisi. Huwezi kuitumia siku ya kugawa ukaisahau siku ya ada.

Kisha ukatokea msamaha. Mnaujua. Dada wa pili, aliyeolewa Korogwe, akasema yeye hana haja, anawaachia kaka zake. Kinamama wakaanza kumsifu. Na kaka mkubwa akakataa. "Leo sipokei msamaha wa dada yeyote. Chukua kilicho chako, kiandikwe jina lako, ukae nacho. Mwaka ukipita ukitaka kunipa, nitashukuru." Kusamehe mbele ya ukoo mzima, ambapo dada atakayechukua haki yake ataitwa mwenye tamaa, si ridhaa bali ni haya. Na mali ya mtu haihalaliki kwa haya yake. Kwa binti mdogo ndiyo kabisa: hana umri wa kuridhia, na hakuna wa kuridhia kwa niaba yake, si kaka, si mama.

Sasa yule kijana wa miaka 11. Baba yake angekuwa hai angechukua fungu lake. Lakini alifariki kabla ya mzee, na mjukuu hapati kitu pale wanapokuwepo watoto wa kiume wa marehemu. Misri, kwa sheria yao ya wasia ya mwaka 1946, waliweka wasia wa lazima kwa mjukuu wa namna hii. Sisi hatuna hiyo. Njia yetu ilikuwa moja: babu mwenyewe, akiwa hai, amwandikie wasia ndani ya theluthi, jambo linaloruhusiwa kwa sababu mjukuu huyo si mrithi. Babu alimpenda sana kijana huyu, alikuwa akimpeleka madrasa kwa baiskeli. Hakuandika.

Baba mdogo akapendekeza kwa nia njema: tumtoe kijana milioni 10 kutoka kwenye jumla, sote tumekubali. Kichwa cha watu kikaanza kuitikia. Ni pendekezo zuri la kusikia. Lakini milioni 10 kutoka kwenye jumla ni milioni na robo kutoka kwa binti wa darasa la sita, yatima anampa yatima bila kuulizwa. Na milioni na robo nyingine kutoka kwa mjane.

Aya ya 8 inawataja jamaa wasiorithi na mayatima wanaohudhuria mgao, kwamba wapewe kitu na waambiwe maneno mema. Atoe nani? Watu wazima, kutoka kwenye kilicho chao. Kaka mkubwa akasema: "Tugawe kwanza. Nikishapata changu, hisa yangu ya milioni 4 katika nyumba iandikwe jina la mtoto wa marehemu ndugu yangu. Simuombi mtu mwingine afanye hivyo hapa." Mdogo wake hakusema kitu, na hakuna aliyemtazama kumlazimisha aseme. Hilo nalo lilikuwa jambo zuri.

Ikabaki kuigawa mali yenyewe, maana thumuni haina milango wala madirisha. Fedha za benki na mtaji uliorudishwa ni milioni 7. Zikalipa yale madeni ya milioni 6, ikabaki moja. Mdogo wa kiume alichukua duka kwa milioni zake 7. Dada wawili wakubwa wakachukua shamba la Muheza, nane kwa nane. Ile milioni moja ya fedha ikawekwa kwa ajili ya binti mdogo. Nyumba hakuna aliyeweza kuwalipa wenzake, na kuiuza ni kumtoa mama nje akiwa bado na huzuni. Ikabaki kwa hisa, zikaandikwa: mama 10, kaka mkubwa 16, kijana 4, mdogo wa kiume 13, binti mdogo 9, dada wakubwa 2 na 2. Kodi ya vyumba vya uani inafuata hisa hizohizo kila mwezi, na kaka wawili wakasema kodi ya hisa zao apewe mama. Ya binti mdogo haiguswi, inawekewa daftari lake.

Msisitizo wangu ni kwenye neno "zikaandikwa". Nyumba nyingi za urithi husemwa "ni ya familia, haigawanywi", hati ina jina la msimamizi, kodi anapokea msimamizi, na baada ya miaka 20 warithi wamefika 30 na hakuna anayejua hisa ya nani. Ukisikia "tusubiri kwanza" mara ya tatu, na ukawa hujaonyeshwa orodha, ujue kilichosubiriwa ni wewe usahau. Wao walipanga kuirudia thamani ya nyumba baada ya miaka mitatu, na kila mtu mzima akatia sahihi na kuondoka na nakala.

Tulikuwa tunakaribia magharibi wakati mama, ambaye alikuwa kimya muda wote, alipouliza zile milioni 2 atapewa lini. Mwanawe akasema kesho asubuhi, taslimu. Mama akatikisa kichwa. "Mimi sitaki fedha, mwanangu. Baba yenu aliniahidi mkufu. Nenda kwa sonara, ninunulieni mkufu."

Kesho inshaallah tutazungumzia theluthi: nani anaweza kuandikiwa wasia, nani hawezi, na uandikwe vipi ili usije ukabishaniwa. Wenye maswali, tumeni leo kabla ya tarawehe.